29 kwa elfu si asilimia 29, jamani

Wiki hii nimesahihisha karatasi 43 za mazoezi ya Jiografia, na 19 kati yake zimenipa wilaya ambayo ingejaa hadi watu walale wamesimama. Swali lenyewe halina ujanja. Wilaya ina watu 240,000 na eneo la kilomita za mraba 3,000. Kwa mwaka wamezaliwa watoto 8,640 na wamekufa watu 1,680. Tafuta msongamano na kiwango cha ongezeko la asili.

Msongamano ni kugawanya tu: 240,000 kwa 3,000, watu 80 kwa kilomita ya mraba. Tusonge.

Kiwango cha vizazi ni 8,640 gawa kwa 240,000, zidisha kwa 1,000, unapata 36. Vifo vivyo hivyo, unapata 7. Toa 7 kwenye 36, inabaki 29. Hapa ndipo kalamu inapoteleza, mwanafunzi anaandika "29%" na kupiga mstari chini mara mbili kwa kujiamini. Ndugu yangu, ulizidisha kwa elfu wewe mwenyewe, mistari mitatu juu! Hiyo ni 29 kwa kila watu 1,000. Ukitaka asilimia, gawa kwa 10: 2.9%.

"Mwalimu, si nukta tu hiyo?" Haya, tuifuate hiyo nukta. Asilimia 29 ya watu 240,000 ni watu 69,600. Swali limekwambia waliozaliwa mwaka mzima ni 8,640. Hao wengine elfu sitini na kitu wametoka wodi gani? Ongezeko la kweli ni 8,640 toa 1,680, yaani watu 6,960. Ongezeko la asili haliwezi kuzidi idadi ya waliozaliwa, hata kama mwaka huo hakufa mtu. Kwa hiyo ukimaliza hesabu, rudisha jibu lako kwenye watu uone kama linakaa. Na hata bila kurudisha, chukua jamii inayozaa sana, vizazi 45 kwa elfu, yenye vifo vichache kabisa, tuseme 5. Unapata 4%. Jibu likivuka hapo, anza kujishuku.

Kuna kosa la pili linaloniudhi zaidi kwa sababu nalisikia hata kwa walimu wenzangu: kuita ongezeko la asili "ongezeko la watu" na kuishia hapo. Vizazi na vifo havijui lolote kuhusu basi lililoshusha watu stendi. Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu kama milioni 1.1 kwenye sensa ya 2012, na mwaka 2022 umevuka milioni 2. Hiyo ni kama 6% kwa mwaka. Hakuna wodi za wazazi zinazoweza kazi hiyo, sehemu kubwa ni watu waliohamia. Jirani yake Dar es Salaam, ambako kila mtu anaamini ndiko watu wanakofurika, ilikua kwa takriban 2.1% kwa mwaka, chini ya wastani wa taifa wa 3.2%. Ukiniuliza katika hiyo 2.1 ya Dar vizazi vimechangia ngapi na uhamaji ngapi, takwimu mbili za sensa peke yake haziniambii.

Na kwa kuwa nimeshaanza kukiri, hata ule msongamano niliourukia una shaka yake. Tanzania Bara na Visiwani ina kilomita za mraba 945,000 na ushee, lakini ukitoa maji ya Viktoria, Tanganyika, Nyasa na maziwa mengine, nchi kavu ni kama 885,800. Watu 61,741,120 wa sensa ya 2022 wanakuwa 65 kwa eneo lote, au 70 kwa nchi kavu. Mimi natumia nchi kavu, maana sijamwona mtu aliyejenga katikati ya ziwa. Ila swali likisema "eneo" bila kufafanua, nikikuta jibu la eneo lote nalipa alama zote, na sina hoja nzuri ya kumnyima.

La mwisho ni hao watu 240,000. Ni wa Januari, au wa katikati ya mwaka? Kitaalamu viwango hugawanywa kwa idadi ya katikati ya mwaka, maana watoto huzaliwa mwaka mzima. Maswali mengi hayasemi. Ukichukulia kuwa ni ya katikati ya mwaka, basi ukijumlisha 6,960, na kama ongezeko litabaki vilevile na hakuna aliyehama, 246,960 ni idadi ya Julai inayofuata, si ya Desemba. Msongamano unakuwa watu 82 na kidogo. Ongezeko la watu wawili tu kwa kilomita ya mraba, wala si zaidi ya 20 kama wale 19 walivyonipa.