Pampu ya chupa inayoonekana inabonyezeka: namna ya kuiomba modeli ya picha

Chukua sabuni ya maji ya mwani kutoka Paje, Zanzibar, chupa angavu ya mililita 250 yenye pampu nyeupe, iombee picha kwa modeli ya akili mnemba ya aina ya SDXL. Chupa itatoka vizuri, mwanga mzuri, hata povu litapendeza. Sasa kuza picha utazame pale juu. Mara mdomo wa pampu hauna tundu. Mara kola, ile pete ya pampu inayosokotwa shingoni, imeyeyukia kwenye bega la chupa kana kwamba zimemiminwa pamoja. Mara mrija wa ndani unaanzia pembeni mwa kola, unashuka nusu ya njia na kupotelea hewani. Mnunuzi hataweza kukutajia kosa liko wapi, ila ataona tu kwamba chupa hii si ya kweli.

Sababu ya kwanza ni ya hesabu. SDXL haichori pikseli moja moja. Inafanya kazi kwenye picha ndogo ya ndani, ambamo kila kisanduku kinabeba eneo la pikseli 8 kwa 8. Picha ya 1024 kwa 1024 ndani yake ni visanduku 128 kwa 128 tu. Tuseme chupa na pampu yake vina urefu wa milimita 190 na vimejaza pikseli 800 za picha: kila milimita inapata pikseli 4 na kitu. Shina la pampu, lenye unene wa milimita 7 hivi, linaangukia pikseli 30, yaani visanduku visivyofika 4. Tundu la mdomo linapata 2 kwa shida. Hapo hata ukiandika prompti, yaani maelezo unayoipa modeli, ndefu kama utenzi, hakuna nafasi ya kuchora kitu cha kueleweka.

Sababu ya pili ni maneno. Maelezo yanayoambatana na picha ambazo modeli imejifunzia mara nyingi husema "chupa ya losheni" na kuishia hapo. Hayasemi kichwa kimeinuka au kimefungwa. Modeli basi inachanganya hali mbili zisizokutana. Pampu iliyofungwa kwa kusokotwa chini hulaza kichwa juu ya kola, shina halionekani kabisa. Pampu iliyo tayari huacha shina tupu la sentimita moja au zaidi baina ya kichwa na kola. Chagua moja, uitaje kwa sehemu zake. Naandika kwa Kiingereza kwa kuwa maelezo mengi ya mafunzo yaliandikwa kwa lugha hiyo:

```
product photo, clear 250 ml cylindrical bottle, white lotion pump,
pump head raised, short bare stem between head and collar,
single spout pointing left, tip bent downward,
ribbed screw collar, thin seam above bottle shoulder,
one clear dip tube from collar center to bottle base
```

Kila mstari una kazi yake. "Pointing left" inaizuia modeli isitoe midomo miwili, kosa linalotokea zaidi pampu ikitazama mbele moja kwa moja. "Ribbed" inaleta yale matuta madogo ya wima yanayosaidia vidole kushika kola, na "thin seam" inaacha kale kamstari ka kivuli kanakoonyesha kwamba kola imesokotwa juu ya shingo. Kamstari hako ndiko kanakobeba ukweli wa picha nzima. Usiandike "no second spout" ndani ya prompti hii: neno lenyewe linaualika huo mdomo wa pili. Andika "second spout", bila "no", kwenye `Negative prompt`, kisanduku cha vitu usivyovitaka, kama programu yako inacho.

Mrija wa ndani unataka jicho zaidi. Viwandani hukatwa mrefu kidogo kuliko kina cha chupa, ndiyo maana kwenye pampu halisi ncha yake hujipinda na kuegemea pembe ya chini, na mara nyingi imekatwa mshazari ili isizibwe na kitako cha chupa. Mrija ulionyooka kama rula ukaishia sentimita 3 juu ya kitako ni pampu itakayobakisha sabuni. Lakini jihadhari na jambo moja: chupa ya duara iliyojaa maji hufanya kazi ya lenzi. Mrija ukivuka uso wa sabuni huonekana umenenepa, na kama umekaa pembeni, huonekana umeruka upande. Mruko huo ni sahihi, uache. Kosa ni mrija kuruka *juu* ya uso wa sabuni, penye hewa tupu. Na kama chupa ya mteja wako ni nyeupe isiyopenya mwanga, shukuru, mrija usiutaje kabisa.

Baada ya prompti nzuri, pampu bado itakuwa na visanduku vilevile vichache. Dawa yake ni kuchora upya kipande. Katika programu ya AUTOMATIC1111, nenda `Inpaint`, paka barakoa, yaani alama ya sehemu ya kuchorwa upya, kuanzia kichwa mpaka chini kidogo ya kola, chagua `Only masked`, na weka upana na urefu 1024. Pampu ya pikseli 210 pamoja na ukingo wa 32 kila upande inakuwa 274, kisha inachorwa kwa 1024 kabla ya kurudishwa mahali pake. Shina la pikseli 30 sasa linachorwa kwa pikseli 110, visanduku karibu 14. Hapo modeli ina pa kuchezea. Badilisha na prompti, ieleze pampu peke yake. Ukiacha ile ya chupa nzima, itajaribu kukuchorea chupa ndogo juu ya chupa.

`Denoising strength`, namba inayoamua picha ya awali ibadilishwe kiasi gani, naanzia 0.5. Chini ya 0.35 makosa yanabaki, yamesafishwa tu. Kupita 0.7 kola inaanza kupishana na shingo ya chupa. Iwapo kosa ni la umbo, kwa mfano midomo miwili, usipandishe namba kwa hasira. Fungua programu yoyote ya kuchorea, ufute mdomo wa ziada kwa rangi ya ukuta wa nyuma, kisha rudi na 0.5. Modeli hufuata rangi inayoiona kuliko maneno.

Kwenye spreyi tatizo kubwa ni kuchanganya aina. Ile ya manukato ni kitufe kifupi chenye tundu dogo ubavuni, haina mdomo mrefu. Ile ya kusafishia vioo ina kifyatuo cha vidole. Taja "fine mist sprayer" au "trigger sprayer", na kama unataka ukungu utoke, weka na kidole kinachobonyeza.

Dropa, kile kifuniko chenye mrija wa kioo na mpira wa kufinya, ina kosa la aina nyingine, na hili linawahusu wauza mafuta ya karafuu. Modeli hupenda kuchora mrija wa kioo umeinuliwa hewani, umejaa mpaka juu. Mrija uliochota kwa mpira hujaa sehemu tu. Omba "pipette one third full, single drop at tip". Ila kabla ya hapo tazama chupa yenyewe: mafuta safi ya karafuu hulainisha na kuharibu mpira, kwa hiyo chupa zake za mililita 10 kwa kawaida huwa na kidondoshi cha plastiki kilichobanwa ndani ya mdomo, chini ya kifuniko cha kusokota. Kwa chupa hiyo andika "orifice reducer insert, black screw cap beside bottle", na mpira usiutaje popote.