Mapato ya Kawangware na ule wastani wa elfu arobaini

Kila muhula wanafunzi wa vyuo huniletea rasimu za miradi yao ya takwimu niwapitishie macho, na mapato ndiyo mada wanayoipenda kuliko zote. Sentensi moja hurudi kila mara: "Mkazi wa kawaida wa eneo hili hupata shilingi elfu kadhaa kwa mwezi." Hapo ndipo mimi huanza kuuliza maswali.

Nimetunga mfano unaofanana na zile kazi. Tuseme wanafunzi wamewahoji watu 15 kwenye barabara moja ya Kawangware: mama mboga, wa bodaboda, kinyozi, fundi wa nguo, mlinzi, mwenye duka la M-Pesa na wengineo, pamoja na mwenye ploti aliyejenga nyumba za kupangisha. Mapato yao ya mwezi, baada ya kutoa gharama za kazi, ni haya kwa maelfu ya shilingi, kuanzia dogo hadi kubwa:

9, 12, 14, 15, 15, 15, 18, 20, 22, 25, 28, 30, 35, 60, 282

Jumla ni 600,000. Gawanya kwa 15 upate wastani wa 40,000. Hesabu ni sahihi kabisa. Sasa tazama tena ile safu uhesabu ni wangapi wanaofikisha hizo elfu arobaini: wawili tu. Watu 13 kati ya 15 wako chini ya "mkazi wa kawaida". Mwenye ploti peke yake ameingiza karibu nusu ya pesa zote za barabara hiyo, na kwa kuwa wastani huzigawa pesa hizo sawasawa, kila mama mboga amepewa kwenye karatasi kodi ya nyumba ambayo hajawahi kuishika mkononi.

Mediani haiangalii pesa ni ngapi, inaangalia foleni. Panga watu kwa mapato, umchukue wa nane: saba wako nyuma yake, saba mbele yake. Hapa ni 20,000. Mwenye ploti angepata milioni mbili, bado mediani ingekuwa 20,000, maana yeye ni mtu mmoja tu aliyesimama mwisho wa foleni. Kama swali la mradi ni "mtu wa hapa anaishi kwa kiasi gani", jibu ni mediani, na ningeiandika pamoja na robo zake: robo ya chini inaishia 15,000 na robo ya juu inaanzia 30,000. Msomaji anapata picha ya barabara nzima kwa namba tatu.

Kuna wanaoona heri wamfute mwenye ploti ili wastani "utulie". Ukimfuta, wastani unashuka hadi kama 22,700 na mediani hadi 19,000. Sipendi njia hiyo. Huyo mtu yupo, na mapato yake ni ya kweli. Cha kufanya kwanza wastani unapoiacha mediani mbali hivyo ni kurudi kwenye dodoso la yule wa juu kabisa na kuhakikisha kilichoandikwa ndicho alichosema. Sifuri moja ikizidi, ile 20,000 ikawa 200,000, wastani unaruka kwa 12,000 huku mediani ikisogea hadi 22,000 tu. Namba ikithibitika, inabaki.

Kosa jingine halionekani kwa macho. Mwanafunzi akiandika "15k" au "15,000/=" kwenye lahajedwali, kisanduku hicho huwa maandishi, na fomula hukiruka bila kulalamika. Kwa hiyo mimi huanza na hesabu ya visanduku:

```
=COUNT(B2:B16)
=AVERAGE(B2:B16)
=MEDIAN(B2:B16)
=MODE.SNGL(B2:B16)
```

Ya kwanza isipotoa 15, hizo nyingine tatu usizisome kwanza.

Tuje kwenye modi, ambayo kwa mapato inadanganya kuliko watu wanavyodhani. Hapa ni 15,000, kwa kuwa watu watatu wametaja kiasi hicho. Lakini waliitaja kwa nini? Ukimuuliza mtu wa bodaboda mapato yake ya mwezi, hakufungulii daftari. Atakuna kichwa aseme "kama kumi na tano hivi." Watu huzungusha namba kwenye 10, 15, 20 na 30, na modi inaokota mazoea hayo ya kusema badala ya pesa zenyewe. Ungewapata na hesabu kamili, mmoja 14,600, mwingine 15,250, modi ingetoweka na fomula ingekurudishia #N/A.

Wengine hukimbilia makundi, wataje kundi lenye watu wengi zaidi. Jaribu. Ukigawa kwa elfu kumi kumi, kundi la 10,000 hadi 19,999 linaongoza kwa watu sita. Gawa kwa elfu kumi na tano, na sasa linaloongoza ni la 15,000 hadi 29,999 kwa watu wanane. Hakuna aliyeongezewa wala kupunguziwa shilingi, ni mipaka tu iliyohama. Modi ningeiachia swali la aina ya kazi, au la njia ya kulipwa, kwa siku, wiki au mwezi. Huko hakuna wastani wala mediani ya kutafuta, na modi inajibu vizuri.

Wastani nao una kazi yake, nayo ni jumla. Makato ya bima ya afya ya SHIF, yaliyoanza Oktoba 2024, ni asilimia 2.75 ya mapato. Mradi ukiuliza barabara hii ingechangia kiasi gani kwa mwezi, chukua wastani wa 40,000, zidisha kwa watu 15 na kwa 2.75%, upate 16,500. (Nimeacha kando kiwango cha chini cha shilingi 300, kinachomgusa yule wa 9,000 tu, na kwa shilingi chache.) Ukitumia mediani utapata 8,250, nusu ya pesa imepotea. Lakini angalia: hii inafaa kwa sababu kiwango ni kimoja kwa wote. Kodi ya mapato ya PAYE hupanda kwa ngazi, na huko huwezi kuikokotoa mara moja kwa wastani ukaizidisha. Lazima umkokotolee kila mtu yake.

Na kama hamjaenda uwanjani bado, tazameni jinsi swali la mapato lilivyoandikwa. Watu wengi hawapendi kutaja pesa kamili, kwa hiyo madodoso huwapa makundi ya kutia alama, na la mwisho huwa "zaidi ya 100,000". Kundi hilo halina kikomo cha juu, hivyo wastani unategemea unachobuni. Ukidhani mwenye ploti ana 150,000 unapata wastani mmoja. Ukidhani 300,000, unapanda kwa 10,000. Mediani haijali. Kwa makundi ya elfu kumi kumi, watu saba wako chini ya 20,000 na wanne wako kati ya 20,000 na 29,999, kwa hiyo:

```
20000 + ((7.5 - 7) / 4) * 10000 = 21250
```

Ile halisi ilikuwa 20,000. Tofauti ya 1,250 naivumilia kwenye mradi wa darasa. Mkihitaji wastani pia, kwa hesabu ya michango kama ile ya SHIF, wekeni mstari wa ziada: anayetia alama kundi la mwisho aombwe kuandika kiasi cha kukadiria.