Bint au Bayt: Nukta Zinazopotea Picha ya Hati ya Kale Inapopakiwa

Siku hizi hati nyingi za kale hazifiki mezani kwetu zikiwa karatasi. Zinafika zikiwa picha za simu zilizopitia WhatsApp, na anayezituma huomba kusomewa kilichoandikwa na mababu zake kwa herufi za Kiarabu. Swali la kwanza tunalomuuliza halihusu hati yenyewe: tunataka kujua kama picha iliyopigwa bado imo ndani ya simu, na kama aliyeipiga ni yeye au ametumiwa na mtu mwingine. Wengi hushangaa, kwa sababu picha wanaiona vizuri. Ni kweli wanaiona, lakini kuona ukurasa ni jambo moja, na kusoma nukta zake ni jambo jingine.

Nitatoa mfano wa hati moja ya shamba. Karatasi ilikuwa ya ukubwa wa A4, wino wake umefifia ukawa rangi ya kahawia, na lugha yake ni Kiarabu cha makadhi. Mpigaji aliitandaza juu ya mkeka, akasimama na kuipiga picha kutoka juu, hivyo urefu wa karatasi ulichukua nusu tu ya urefu wa picha. Nusu nyingine ilikuwa mkeka na vidole vya miguu yake. Mipaka ya shamba ilitajwa kwa pande nne, na upande wa suheli, yaani kusini, palikuwa na neno moja likifuatwa na jina la mtu. Neno hilo lingeweza kuwa "bayt", yaani shamba limepakana na nyumba ya fulani, au "bint", yaani limepakana na mali ya binti wa fulani. Kwa warithi wanaotafuta mpaka, huo si utofauti mdogo.

Ukiondoa nukta, maneno hayo mawili yana umbo moja. Yote yana meno matatu yaliyoungana, na kinachoyatenganisha ni nukta tu. "Bint" ina nukta moja chini, ya herufi be, na nukta tatu juu: moja ya nuni na mbili za te. "Bayt" ina nukta tatu chini, moja ya be na mbili za ye, na juu inabaki na mbili za te. Msomaji anachofanya kwa kweli ni kuhesabu: tatu ziko juu au ziko chini? Katika picha tuliyotumiwa, juu palikuwa na doa moja la kijivu, na chini palikuwa na doa jingine linalofanana nalo.

Tuhesabu tuone sababu. Simu ilipiga picha ya pikseli 4000 kwa 3000, yaani milioni 12. Ilipotumwa kwa njia ya kawaida, ilipunguzwa ikawa 1600 kwa 1200, ambayo haifiki milioni mbili. Kwa kuwa karatasi ilichukua nusu tu ya urefu, milimita 297 za karatasi zilibaki na pikseli 800, sawa na pikseli 2.7 kwa kila milimita. Nukta ya kalamu ya mwandishi yule ilikuwa na upana wa milimita 0.8 hivi, kwa hiyo ilipata pikseli mbili. Nafasi kati ya nukta mbili zilizokaribiana ilikuwa kama milimita 0.3, nayo haikupata hata pikseli moja nzima. Pikseli ina rangi moja tu. Ikiangukia nusu kwenye wino na nusu kwenye karatasi, inachukua rangi ya katikati. Ndipo nukta mbili zinapoungana zikawa doa moja, na hakuna namna ya kulikuza doa hilo likarudi kuwa mbili. Katika picha ya awali iliyobaki ndani ya simu, nukta ileile ilikuwa na pikseli zaidi ya tano na nafasi ilikuwa na mbili. Hapo macho yana cha kushika.

Upungufu wa pikseli ni nusu ya kisa. Nusu ya pili ni ubanaji wa faili, ambao kwa picha nyingi za simu hufanywa kwa utaratibu uitwao JPEG, uliowekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1992. Utaratibu huo huigawa picha katika vyumba vidogo vya pikseli 8 kwa 8. Kila chumba huelezwa kama mchanganyiko wa mawimbi, kuanzia yale mapana yanayoonyesha mwanga na kivuli, hadi yale membamba yanayobeba kingo na vitu vidogo. Ili faili iwe nyepesi, thamani za mawimbi membamba hukadiriwa kwa hatua kubwa, na iliyo ndogo mno huandikwa sifuri, ikawa haipo tena. Kwa picha ya harusi hakuna atakayelalamika, maana jicho halitafuti kitu ndani ya kitambaa cha shela. Hati ni kinyume chake: karibu kila kinachotakiwa kusomwa kiko kwenye kingo na vitu vidogo.

Jambo ambalo watu hawalitarajii ni kwamba ukubwa wa nukta si kitu pekee kinachoamua. Nukta nyeusi ti juu ya karatasi nyeupe hutoa thamani kubwa, nayo huvumilia ubanaji mzito. Nukta ya ukubwa uleule, lakini ya kahawia hafifu juu ya karatasi iliyogeuka manjano, hutoa thamani ndogo, na ndiyo inayokadiriwa kuwa sifuri. Kwa maneno mengine, ubanaji huanza kufuta pale palepale ambapo muda umeshafuta kiasi. Rangi nayo hupunjwa zaidi ya mwanga: mara nyingi huhifadhiwa kwa nusu ya upana na nusu ya urefu, kwa hiyo mhuri wa zambarau uliogongwa juu ya maandishi hutapakaza rangi yake, na wino mwekundu mwembamba huingia kwenye rangi ya karatasi.

Kuna hatari nyingine ambayo ni mbaya kuliko kufutwa, nayo ni kuongezewa. Mawimbi membamba yakikatwa, kingo kali ya herufi huacha viwimbi vya kijivu pembeni yake, kama mbu waliozunguka taa. Kimoja kikiangukia juu ya jino la herufi, kinaonekana kama nukta. Kumtambua mbu huyo kunawezekana ukikuza picha mpaka pikseli zionekane. Nukta ya kweli huwa na weusi unaokaribiana na wa mstari wenyewe, na haijali mipaka ya vyumba. Viwimbi ni hafifu, hujirudia pembeni mwa mistari mingine pia, na hukoma ghafla kwenye mpaka wa chumba cha pikseli nane. Chumba cha jirani kisicho na maandishi ni safi kabisa. Nikiona karatasi ya zaidi ya miaka mia moja ina maeneo laini kama plastiki, bila unyuzi wala doa la unyevu, najua si karatasi iliyo laini, ni ubanaji uliopita hapo.

Tarakimu zinahitaji tahadhari ya peke yake. Katika tarakimu za Kiarabu zilizotumika pwani, sifuri ni nukta. Nukta mbili zikipotea, 100 inakuwa 1. Tarakimu ya mbili na ya tatu hutofautiana kwa jino moja kichwani, kwa hiyo mwaka 1320 wa Hijria, ulioanza Aprili 1902, unaweza kusomwa 1330, ulioanza Desemba 1911. Mwaka una walinzi: ukiona "132" unajua kuna sifuri iliyoanguka, na kama hati ya Zanzibar inamtaja Sayyid Khalifa bin Harub kuwa ndiye mtawala, basi haiwezi kuwa ya 1320, kwa kuwa alitawazwa Desemba 1911. Kiasi cha fedha hakina mlinzi wa namna hiyo, ndiyo maana waandishi wa hati za Kiarabu walikuwa na desturi ya kuandika kiasi kwa maneno na kutaja nusu yake: rupia mia moja, nusu yake hamsini. Walikuwa wakijikinga na wadanganyifu, lakini desturi hiyo inatufaa sisi pia tunaosoma picha zilizobanwa.

Picha ikishapungua, wengine huipitisha kwenye programu za kusafisha picha kabla ya kututumia. Tafadhali msifanye hivyo. Programu ya namna hiyo hairudishi nukta iliyopotea. Inachora kitu kinachofanana na kile ambacho kwa kawaida huwa mahali kama hapo, na inakichora kwa kingo safi kiasi kwamba msomaji hana sababu ya kukitilia shaka. Hata kuskani kwenyewe si kinga ya moja kwa moja. Mwaka 2013 Mjerumani David Kriesel alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilibadilisha namba kwenye ramani ya jengo, kwa sababu ubanaji wake ulichukua vipande vilivyofanana na kuvitumia kimoja badala ya kingine. Namba zilizotoka zilikuwa safi, zinasomeka, na si sahihi.

Tulimwomba mwenye hati ya shamba atume tena faili ileile, lakini kama waraka na si kama picha. Kwa njia hiyo WhatsApp haiigusi. Chaguo la HD husaidia, ingawa nalo hubana. Faili ya kwanza ilikuwa na kilobaiti mia mbili hivi, ya pili ilizidi megabaiti tatu. Juu ya neno lile tulihesabu nukta mbili zilizokaa sambamba. Chini zilikuwa tatu, moja ikiwa imejitenga upande wa kulia. Ni "bayt". Mpaka ni nyumba.

Kama njia ya waraka haipatikani, piga ukurasa kwa robo robo, kila robo ijaze picha na iingie kidogo kwenye jirani yake. Robo ya A4 ina urefu wa milimita 148, hivyo hata ikipunguzwa hadi pikseli 1600 inabaki na karibu pikseli 11 kwa milimita, mara nne ya tulizopata kwenye mkeka. Simama karibu na dirisha, mwanga utoke ubavuni, na weka rula pembeni ili ukubwa wa nukta upimike. Usitume picha ya skrini, kwa maana hiyo huchukua pikseli za kioo cha simu na si za picha.

Ukurasa wa pili wa hati ileile haukuwa na bahati. Ulipigwa na simu nyingine ambayo ilikwisha kuharibika, na karatasi yake ililiwa na mchwa. Iliyobaki ni picha ya kilobaiti 90 iliyokuwa kwenye kundi la familia. Bei ya minazi imo humo kwa tarakimu: moja, kisha doa lenye upana wa pikseli tatu. Linaweza kuwa sifuri moja au sifuri mbili zilizoungana, na kona iliyokuwa na maneno imekatwa. Katika daftari letu tumeandika "rupia 10 au 100, haisomeki zaidi ya hapo", na tumeambatisha vipimo vya faili, ili atakayeisoma baadaye ajue tulikuwa tunatazama nini.