Kununua motokari kwa mkopo Lubumbashi: «mbili kwa mia» inayofika zaidi ya tatu

Chukua mfano huu. Motokari iliyotumika imewekwa bei ya dola 9,000. Unatoa avansi ya dola 3,000, zinabaki 6,000 za kulipa kwa miezi 24. Muuzaji anabonyeza mashine ya kuhesabia na kukuambia: «Riba ni mbili kwa mia kwa mwezi, utalipa dola 370.»

Dhana: Mbili kwa mia kwa mwezi ni mbili kwa mia.

Ukweli: inategemea mbili kwa mia ya nini. Muuzaji amechukua 2% ya 6,000, yaani dola 120, akaizidisha mara 24. Riba imefika 2,880. Ameijumlisha na deni, akagawa kwa 24, ndipo 370 ikatokea. Ndani ya kila malipo mna dola 250 za kupunguza deni na 120 za riba.

Mwezi wa kwanza hesabu ni sawa, maana kweli unadaiwa 6,000. Lakini ukishalipa mara 12, deni limeshuka hadi 3,000, na bado unatozwa zile 120, ambazo sasa ni 4% ya unachodaiwa. Mwezi wa mwisho unadaiwa 250 tu, na riba ni 120 ileile. Karibu nusu!

Riba ikihesabiwa juu ya deni lililobaki, kwa 2% ileile, ungelipa kama dola 317 kwa mwezi, na riba yote ingekuwa kama 1,613. Tofauti ni zaidi ya dola 1,260. Huhitaji kubishana na mtu. Fungua Excel ya Kifaransa, uandike:

```
=TAUX(24;-370;6000)
```

Ukionyesha desimali moja, itatoa karibu 3.4% kwa mwezi. Hiyo ndiyo ya kulinganisha na riba ya benki au ya koperative ya akiba na mikopo. Na kama muuzaji ndiye anayepeleka dosiye yako kwa mkopeshaji, omba karatasi ya mkopeshaji mwenyewe yenye riba na ratiba ya malipo. Mtu wa katikati anaweza kuongeza pointi zake juu ya riba ya mkopeshaji, na kwa mdomo hutazijua.

Dhana: Bei ni ileile, ulipe taslimu au kidogokidogo.

Uliza bei ya taslimu kwanza, kabla hujataja mkopo. Tuseme motokari hiyohiyo inaachwa kwa 8,400 kwa mwenye pesa mkononi. Basi ulichokopeshwa kweli ni 5,400, si 6,000. Zile 600 ni riba iliyojificha ndani ya bei. Weka 5400 kwenye fomula, utaona riba imepanda hadi kama 4.4% kwa mwezi.

Dhana: Garanti na kifaa cha kufuatilia motokari ni nyongeza ndogo, hata haionekani kwenye malipo.

Haionekani kwa sababu imeingizwa ndani ya deni. Kifaa cha dola 150 na garanti ya dola 450 ni dola 600. Kwa hesabu ile ya juu zinakuwa 888, yaani 37 zaidi kila mwezi. Kama mkopeshaji anakilazimisha kifaa, kilipe taslimu, na uulize nani atalipa abonema yake kila mwezi na kama kinaweza kuzima motokari kwa mbali.

Garanti isome sehemu ya visivyolipwa. Nyingi zinafunika injini na giaboksi, zinaacha breki, batri, klachi na sehemu za chini, ambazo kwenye barabara zetu ndizo zinazokufa mapema. Zingine zinafutika ukibadilisha mafuta kwenye garaji nyingine. Kwa motokari iliyotumika, fundi wako wa kuikagua kabla hujatoa avansi ana faida kuliko garanti ya namna hiyo.

Asiransi nayo si moja. Ya kulipa madhara ya watu wengine ni lazima kwa sheria. Ya mkopo inalipa deni ukifa, haitengenezi hata taa. Mtu akikuambia tu «asiransi imo ndani», uliza ni ipi, uombe poliso yenyewe.

Dhana: Ukimaliza mapema, riba inakatika.

Si kwa mikataba yote. Mingine ya hesabu hii inasema riba yote ni deni tangu siku ya kusaini. Ukileta pesa za kumalizia mwezi wa 12, unaweza kudaiwa 4,440, yaani 370 mara 12, badala ya 3,000. Dai sentensi moja iandikwe kabla ya kusaini: «Akilipa kabla ya muda, riba ya miezi iliyobaki inaondolewa.» Na iandikwe pia siku ngapi baada ya malipo ya mwisho utapewa karti rozi, pamoja na barua ya kwamba deni limeisha, maana hadi hapo karti hiyo inaweza kubaki kwa muuzaji.