Kutafsiri kadi ya kliniki ya mtoto kabla ya safari

Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa Tanga tarehe 4 Machi 2024, anayehamia Marekani na wazazi wake tarehe 20 Agosti 2025. Kadi yake ya kliniki ina dozi ya tatu ya matone ya polio na sindano ya polio, zote 10/06/2024, na dozi ya kwanza ya surua na rubela 05/12/2024. Kwenye simu ya mama kuna ujumbe wa kliniki: “Mlete mtoto chanjo ya surua ya pili Alhamisi tarehe 4/9, saa 2 asubuhi. Njoo na kadi.”

Tuanze na tarehe. Mmarekani huandika mwezi kwanza, hivyo 05/12/2024 kwake ni tarehe 12 Mei, wakati mtoto ana miezi miwili tu. Tafsiri inayonakili tarakimu jinsi zilivyo inaibadilisha kadi bila mtu kugundua, kwa sababu siku zote zisizozidi 12 zinasomeka vizuri kwa namna zote mbili. Andika mwezi kwa herufi.

Saa nayo hupotosha. Saa 2 asubuhi yetu ni 08:00, si saa nane usiku. Hilo ni rahisi kurekebisha. Kosa kubwa zaidi ni kuchukua tarehe ya kurudi kliniki na kuiweka kwenye safu ya chanjo zilizotolewa. Kwenye kadi tarehe hizo mara nyingi hukaa jirani, na mfasiri mwenye haraka huzichanganya. Mtoto huyu atakuwa ameshaondoka tarehe 4 Septemba. Dozi ya pili ikiorodheshwa kama imetolewa, daktari wa huko anaweza kumpita mtoto ambaye hana kinga ya kutosha.

Mistari hiyo ikitafsiriwa inakaa hivi:

```
OPV 3, oral polio vaccine: 10 JUN 2024
IPV, injected polio vaccine: 10 JUN 2024
MR 1, measles-rubella: 05 DEC 2024
Next appointment, NOT yet given: MR 2, 04 SEP 2025, 08:00
```

Angalia vifupisho. Chanjo yetu ni MR, yaani surua na rubela. Ukiandika MMR umeongeza matumbwitumbwi ambayo mtoto hakuchanjwa. Marekani pia haihesabu dozi ya surua iliyotolewa kabla ya mtoto kufikisha mwaka mmoja, kwa hiyo ile ya miezi tisa itarudiwa hata kama kadi ni safi. Mzazi asishtuke: ratiba yetu ilikuwa sahihi kwa mazingira yetu.

Polio nayo usiifupishe kuwa “polio 3”. Matone yaliyotolewa kuanzia Aprili 2016 Marekani haiyahesabu, kwa kuwa tangu mwezi huo matone ya kawaida hayana kinga ya kirusi cha aina ya pili. Sindano inahesabiwa. Mfasiri asipotenganisha matone na sindano, sindano halali nayo inaweza kupotea.

Palipofutika au pasiposomeka, mfasiri aandike kwamba hapasomeki, asikisie. Bora kurudi kliniki iliyochanja, waangalie rejista yao na kujaza upya kwa sahihi na muhuri. Kwa maombi ya uhamiaji Marekani, tafsiri iwe kamili na iambatane na tamko la mfasiri, lenye sahihi yake, kwamba anaziweza lugha zote mbili na tafsiri ni sahihi.

Tafsiri haichukui nafasi ya kadi halisi. Beba zote mbili kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na picha zake kwenye simu. Cheti cha njano cha homa ya manjano, kama nchi unayokwenda au unayopitia inakidai, kibebwe chenyewe, si nakala. Jina lilingane na la pasipoti, na pasiwepo palipofutwa, maana kufuta kunaweza kukibatilisha. Kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya chanjo ya kwanza na tangu Julai 2016 ni cha maisha, hata kama kiliandikwa miaka 10.

Mwenye ugonjwa wa kudumu abebe barua ya daktari yenye jina la ugonjwa, dawa kwa jina lake la kitaalamu badala ya jina la kibiashara, na kiasi kwa siku. Mwenye sikoseli aongeze jibu la kipimo kilichothibitisha ugonjwa na tarehe ya mwisho ya kuongezewa damu. Aliyewahi kutibiwa kifua kikuu abebe kadi inayoonyesha alimaliza dawa.

Usiache nyuma mstari wa BCG, chanjo ya kifua kikuu. Chanjo hiyo inaweza kufanya kipimo cha kifua kikuu cha ngozi kivimbe kwa mtu asiye na maambukizi. Kipimo cha damu hakiathiriwi nayo, na mzazi anaweza kukiulizia akiwa ameshika kadi.