Mkato unapobebeshwa kazi ya nukta: maana ya sentensi zilizofululizwa katika rasimu ya insha

Mwalimu anayesahihisha rasimu ya kwanza ya insha ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukutana mara kwa mara na aya nzima iliyoandikwa kama sentensi moja. Makosa yanayoizaa aya ya namna hiyo ni mawili, nayo ni ndugu. Katika kosa la kwanza, sentensi mbili zinazojitosheleza huunganishwa kwa mkato peke yake, pasipo kiunganishi chochote. Katika la pili, sentensi hizo huwekwa bega kwa bega bila alama yoyote kati yake. Kwa vyovyote vile, msomaji hapewi ishara ya mahali wazo moja linapokoma na jingine linapoanza.

Chanzo kikubwa, kwa maoni yangu, ni kanuni ambayo wengi wetu tulifundishwa tukiwa wadogo: weka mkato unapopumua kidogo, weka nukta unapopumua sana. Kanuni hiyo humsaidia mtu anayesoma kwa sauti maandishi yaliyokwisha kuwekewa alama. Anayeandika haimfai sana, kwa sababu mwenye hadithi moyoni hapumui sana mpaka hadithi iishe. Kinachoamua alama ni muundo wa vishazi, na katika Kiswahili muundo huo unaonekana ndani ya kitenzi chenyewe.

Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtendaji na wakati kwa pamoja, hivyo neno moja kama “tulichelewa” ni sentensi kamili. Hii ndiyo sababu sentensi mpya huweza kujipenyeza katikati ya mstari bila mwandishi kuitambua: hakuna nomino mpya ya kumwashiria kwamba ameanza upya. Tazama aya hii, niliyoitunga kwa mfano wa zile ninazozisoma kila muhula:

“Siku hiyo tulichelewa kuamka, basi la kwenda Tanga lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, mama alianza kupiga kelele tukabeba mizigo tukatoka mbio, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha barabara ilikuwa na matope mdogo wangu alianguka nguo zake zilichafuka, hatukuwa na muda wa kurudi nyumbani tuliendelea na safari.”

Hatua ya kwanza ni kuchukua kalamu ya risasi na kupigia mstari kila kitenzi kinachobeba kishazi, huku “lilikuwa linaondoka” na “ilikuwa imenyesha” vikihesabiwa kimoja kimoja, maana kitenzi kisaidizi na kitenzi kikuu hufanya kazi pamoja. “Kuamka”, “kupiga” na “kurudi” tunaviacha kwa kuwa havina nafsi wala wakati. Tunabaki na 11. Kati ya hivyo, “tukabeba” na “tukatoka” vina -ka-, na vile 9 vingine kila kimoja kinaweza kusimama peke yake. Vishazi huru 9 vina maungio 8 kati yake. Katika aya hii, maungio 4 yana mkato mtupu, na mengine 4 hayana kitu kabisa: kabla ya “barabara”, kabla ya “mdogo wangu”, kabla ya “nguo zake” na kabla ya “tuliendelea”. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliona, kwa sababu hapo sentensi mpya inaanza na kitenzi moja kwa moja.

Vile viwili vyenye -ka- vinastahili kutazamwa kwa karibu, kwani ndivyo vinavyowachanganya hata wasahihishaji. Kiambishi -ka- kinaeleza tendo linalofuata tendo lililotajwa kabla yake, kwa hiyo chenyewe ni uzi wa kuunganisha. “Mama alianza kupiga kelele, tukabeba mizigo, tukatoka mbio” ni sentensi safi, ingawa haina “na” wala “kisha”, na mkato unatosha. Mwalimu anayeizungushia wino mwekundu anamwonea mwanafunzi. Lakini ukiandika “Mama alianza kupiga kelele, tulibeba mizigo, tulitoka mbio”, uzi umekatika, kwa kuwa kila -li- inasimulia upya kana kwamba hakuna kilichotangulia.

Kutokana na hapo tunapata dawa ambayo ni nyepesi kuliko zote: kubadilisha kiambishi kimoja. “Mdogo wangu alianguka nguo zake zilichafuka” inakuwa “Mdogo wangu alianguka, nguo zake zikachafuka”. Dawa hii haifai kila mahali. Matope yalikuwapo barabarani kabla familia haijatoka, kwa hiyo mtu akiandika “barabara ikawa na matope” amebadilisha maana, kana kwamba matope yametokea wakati huo huo. Hali iliyokuwapo tangu awali inahitaji kiunganishi kinachotaja uhusiano wake na jambo jingine, au inahitaji nukta. Hivi ndivyo ningemwongoza mwanafunzi aiandike upya:

“Siku hiyo tulichelewa kuamka, ilhali basi la kwenda Tanga lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mama alianza kupiga kelele, tukabeba mizigo, tukatoka mbio. Kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, barabara ilikuwa na matope. Mdogo wangu alianguka, nguo zake zikachafuka. Hatukuwa na muda wa kurudi nyumbani, kwa hiyo tuliendelea na safari.”

Maneno yaliyoongezwa ni machache mno: “ilhali”, “kwa kuwa” na “kwa hiyo”. Kila moja linasema jambo ambalo mkato ulikuwa umelificha. Katika rasimu, msomaji alilazimika kukisia mwenyewe kwamba mvua ndiyo iliyoleta matope.

Baada ya somo hili, baadhi ya wanafunzi huangukia upande wa pili na kutia nukta baada ya kila kitenzi. Hapo ndipo tunaposoma “Tulipofika kituoni. Basi lilikuwa limeondoka.” Kitenzi “tulipofika” kina -li-, lakini kina pia -po- ya wakati, ambayo inamwacha msomaji akisubiri kuambiwa kilichotokea. Hiki ni kishazi tegemezi, na mkato ndio unaokifaa: “Tulipofika kituoni, basi lilikuwa limeondoka.” Vivyo hivyo “aliyeanguka” kina kirejeshi -ye-, na “akilia” kina -ki-. Kwa hiyo haitoshi kuiona -li- ukakata shauri. Tazama pia kinachoifuata. Kwa upande mwingine, usivisahau vishazi visivyo na kiambishi cha wakati, kama “shangazi yangu ni muuguzi”. “Ni” ndogo hiyo inabeba kishazi huru kama kitenzi kingine chochote, nayo huponyoka kirahisi anayewinda vitenzi virefu.

Kwa sentensi mbili zilizokaribiana sana kimaana, ambazo mwandishi hataki kuzitenga kwa nukta wala kuziunga kwa neno, ipo nukta-mkato: “Kaka alitaka turudi; mama alikataa.” Kwa mwanafunzi anayeandika insha yake ya kwanza, ningependa aitumie mara moja au mbili tu, akishaweza kueleza kwa nini hakuweka nukta.

Yapo pia maandishi mazuri ambamo mkato peke yake hubeba vishazi viwili huru, na methali ni mfano ulio wazi. “Mla ni mla leo, mla jana kala nini?” haina kiunganishi, wala hakuna anayekihitaji, kwa sababu pande zake mbili ni fupi, zinalingana kwa mizani, na leo na jana zinatazamana ana kwa ana. Ukiziondoa sifa hizo ukabaki na mkato tu, kama pale tulipomwacha mdogo wetu kwenye matope, msomaji hana cha kumshika mkono.