Lalamiko kinzani: mlalamikiwa naye anapolalamika

Lalamiko kinzani ni lile ambalo mtu aliyelalamikiwa analileta dhidi ya aliyemlalamikia, mara nyingi siku chache baada ya kupewa taarifa. Ana haki ya kulileta. Kinachoharibu mambo ni mpokeaji wa malalamiko kuona kwamba "basi wote wana makosa", akawakalisha pamoja na kumwomba kila mmoja aondoe lake. Hapo hakuna lililochunguzwa.

Swali la kwanza ni kwamba lalamiko jipya linahusu tukio gani. Chukua karani anayedai kuwa msimamizi wake alimtukana kikaoni mbele ya wenzake. Msimamizi anapewa barua Jumatatu. Jumatano analeta mambo mawili: kwamba karani ndiye aliyeanza kutukana, na kwamba miezi mitano iliyopita karani huyohuyo alighushi stakabadhi za nauli.

La kutukanana ni tukio lilelile likisimuliwa kutoka upande wa pili. Liingie kwenye uchunguzi uliokwisha kuanza, kwa mchunguzi yuleyule, maana mashahidi ni walewale, na wachunguzi wawili wanaweza kutoa majibu yanayopingana. La stakabadhi ni jingine kabisa: lifunguliwe jalada lake, lipewe tarehe zake na, ikiwezekana, mchunguzi mwingine. La matusi lisisimame kulisubiri.

Mchunguzi wa stakabadhi atataka kujua nani aliziona na lini. Ikiwa msimamizi mwenyewe ndiye aliyeziidhinisha akanyamaza hadi alipopata barua, kuna dalili ya kulipiza kisasi. Hata hivyo, dalili hiyo haizifanyi stakabadhi kuwa halali. Kama zilighushiwa na kama zililetwa kwa kisasi ni maswali mawili, na yote mawili yanaweza kujibiwa ndiyo. Wengi hujikwaa hapa: wakishanusa kisasi, wanatupa ushahidi.

Mlalamikiwa anaweza pia kusema tu, "Amenisingizia." Hilo lingoje hadi la kwanza liamuliwe. Na hata hilo la kwanza likikosa ushahidi wa kutosha, bado haijathibitika kwamba mlalamikaji alidanganya. Lazima ionekane alijua anachosema si kweli.

Wakati haya yakiendelea, msimamizi asiwe mwenye kalamu juu ya karani: likizo, tathmini na hatua za nidhamu ziidhinishwe na mtu mwingine. Endapo fedha bado zinavuja au nyaraka zinaweza kupotea, uchunguzi wa stakabadhi uanze haraka na nyaraka zichukuliwe siku hiyohiyo, lakini bado ndani ya jalada lake.

Ukitaka kujua kama mambo yameshachanganyika, soma maandishi ya mahojiano. Ikiwa karani aliitwa kuhojiwa kuhusu matusi, na kufikia ukurasa wa pili anaulizwa habari za nauli, yameshachanganyika.